Nimechoka na "matakwa ya joto": ukitafsiri salamu za sikukuu wanakuhesabia maneno

MwandishiWaMkomani:

Jamani naandika na hasira, kwa hivyo mkiona sentensi zinagongana mnisamehe. Na hilo neno "mnisamehe" mlishike vizuri, nalirudia huko chini maanake ndilo limeniingiza matatani.

Mi natafsiri hapa Lamu, kadi, mabango, barua, chochote kinacholetwa. Disemba iliyopita hoteli moja upande wa Shela ikanipa salamu za Kiingereza za kuweka kwenye kadi za wafanyakazi na majirani, maneno 34. Ile ile mnayoijua, inaanza na salamu za msimu, halafu matakwa ya joto kutoka familia yetu kwenda familia yako, halafu nyumba yako ijae kicheko na siku zako ziwe angavu. Nikaisoma mara mbili tatu nikaiweka kando, nikaandika hivi: "Sikukuu njema kwenu nyote na watu wa nyumbani. Mungu awape afya na baraka, na mwaka unaokuja uwe wa kheri." Basi.

Meneja akahesabu. Ati 34 yamekuwa 19, mengine nimepeleka wapi? Maanake malipo ni kwa neno, yeye akaona nimemwibia. Nikamwambia "tunawatakia" kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni matatu, hesabu haitalingana hata siku moja. Hakusikia. Akampa mtu mwengine aigeuze ile yangu irudi Kiingereza, ikarudi haina joto wala msimu, akasema hii sio kazi. Bana, kugeuza nyuma kunafaa kwa karatasi ya dawa au mkataba wa shamba, pale kila neno lina uzito wake. Salamu ukiigeuza nyuma lazima ionekane imepungukiwa.

Basi wakatengeneza yao. Kadi sikuziona, ila bango lilitundikwa pale jeti: SALAMU ZA MSIMU! TUNAKUTAKIA MATAKWA YA JOTO WEWE NA FAMILIA YAKO. Wazee wa barazani wakauliza msimu upi, wa embe ama wa watalii? Nahodha mmoja akasema kama ni kaskazi mbona imeshaanza kuvuma kitambo. Kwetu msimu ni upepo na biashara. Mzungu analitumia neno lile kwa kuwa hajui anayesoma anasherehekea nini, hataki kuitaja sikukuu kwa jina, na hiyo adabu ndio ya kuvusha. Na joto! Kwao Disemba ni baridi, joto ni kitu unampa mtu unayempenda. Sisi mgeni akiingia tunampa maji baridi, moyo ukifurahi tunasema umeburudika, sasa unamtakia mtu joto mwezi wa Disemba Lamu, amekukosea nini? Halafu bango la mji mzima linasema "wewe", kama linamsemesha punda mmoja aliyesimama pale.

Sasa hili la pili ndilo linaloniuma. Baada ya Ramadhani kamati ya madrasa moja mjini ikaniletea barua ya Idd, Kiswahili kwenda Kiingereza, ya wafadhili wao ng'ambo. Na mimi kwa ule uchungu wa hoteli nikasema haya, neno kwa neno, asije mtu kunihesabia tena. Katibu mwenyewe alikaa ubavuni mwangu akifuata kwa kidole. Barua ilikuwa tamu wallahi: watoto wamepata mkono wa Idd, tunawaomba mtusamehe tulipowakosea, Mungu atufikishe na mwakani salama.

Wiki haijaisha baruapepe ikaingia. Wanauliza wamekosewa nini, kuna pesa zimetumika vibaya? Wanataka maelezo ya matumizi. Na wanauliza huo mkono waliopata watoto ni nini, mtoto amepigwa? Katibu akaja mbio na simu mkononi, ati nimewaharibia. Mimi! Na yeye ndiye aliyeniwekea kidole kwenye kila neno!

Mkitaka kujua, leo ningeandika kwa Kiingereza kwamba kila mtoto alipata senti kidogo za sikukuu kama ilivyo desturi, ile ya msamaha ningeigeuza iwe shukrani kwa kutuvumilia mwaka mzima, na ya mwisho iwe tunatumai tutakuwa pamoja Idd ijayo. Upole ni ule ule. Ila nikifanya hivyo naambiwa nimeruka maneno. Sasa nifanye nini?

BabuWaLangoni:

Mwanangu, umekosea pahali pamoja na hasira zako zimekufunika. Ile ya msamaha si maneno ya adabu tu. Asubuhi ya Idd ukitoka kuswali unamshika mwenzio mkono unamwambia nisamehe, unamaanisha, huenda ulimsengenya. Ukiigeuza shukrani umeondoa kitu. Mimi ningeiacha na kuifungia mlango wa shaka, niandike "kama ilivyo desturi yetu siku ya Idd, tunaombana msamaha". Maneno machache ya mbele yanatosha, mzungu ataelewa hakuna pesa iliyoliwa.

La mkono uko sawa. Na sisi tukimaliza kutafsiri salamu, tunampa mtu ambaye hajaona maandishi ya asili, tunamuuliza tu: nani amekuandikia, na anataka nini kwako? Akisema "jirani, ananiombea", imepita. Akisema "ofisi, inatangaza kitu", rudi mezani.

Dida_wa_Malindi:

Shida ni hilo neno "kutakia", limetoka kwa Kiingereza, tulifute kabisa. Andikeni Heri ya Krismasi, Idd njema, mwisho. Huku Malindi mabango yote yameharibika kwa hilo "tunakutakia".

BabuWaLangoni:

Dida, nusu tu. "Nakutakia kila la kheri" anaisema hata bibi yangu ambaye shule hakuiona. Kinachonuka ni "kutakia matakwa", kitenzi na nomino yake vinabebana mgongoni. Na "Heri ya Krismasi" peke yake kwenye kadi ya mtu uliyekula naye mwaka mzima ni kavu. Ndipo inapoingia dua, Mungu awape afya.

ShelaBinti:

Mi nafanya hoteli (sio hiyo, msianze). Hiyo "sikukuu njema" yako pia sio safi sana kwetu. Mtoto wa Lamu ukimwambia nguo za sikukuu anajua ni Idd. Wafanyakazi wetu nusu ni wa bara, Wakristo, wao wangeisoma wangeona Krismasi yao haijatajwa, na Waislamu wangeuliza sikukuu gani mwezi huu.

MwandishiWaMkomani:

@ShelaBinti hilo sikulifikiria, kweli. Nilidhani inafanya kazi ile ile ya kutotaja jina. Sasa kadi mbili mbili au? Meneja atazimia.

@Babu nimekuelewa kuhusu msamaha. Bado nina wasiwasi, maanake mfadhili anasoma haraka, jicho likiangukia "msamaha" la desturi halioni. Lakini nitawapelekea kamati sentensi zote mbili, yangu na yako, wachague.

Kapteni_Mtepe:

Kwani hiyo madrasa pesa zilipotea ngapi?

MwandishiWaMkomani:

HAKUNA PESA ILIYOPOTEA. Soma uzi.

Kapteni_Mtepe:

Sawa basi usinikaripie. Nina kadi za harusi ya mwanangu, nataka Kiswahili na Kiingereza, wageni wengine wanatoka Uingereza. Neno unatoza ngapi?

MwandishiWaMkomani:

Kwa neno sitozi tena. Ni kwa kadi. Nipigie kesho baada ya alasiri.