Simu imeibiwa, mfumo haunifungulii, na saa zangu 3 zimekatwa. Hii haki kweli?

Wakuu, niko na hasira, mnivumilie.

Nafanya kazi ya kupokea simu za wateja hapa Dar, kampuni siitaji. Shifti ya asubuhi inaanza saa 12 kamili. Ukiweka pasiwedi, mfumo unakutumia namba 6 kwa SMS, ndipo uingie. Sasa ukumbi wetu uko chini ya jengo, mtandao wa simu haushiki kabisa. Kila asubuhi utaona watu wamejipanga kwenye ngazi wameinua simu juu kama wanaomba mvua. Unaomba namba, hola. Unaomba tena, hola. Unapanda ngazi, zinaingia SMS tatu kwa mpigo, na inayofanya kazi ni ya mwisho tu kwa sababu kila ukiomba mpya ya nyuma inakufa. Ukikosea mara 5 akaunti inafungwa.

Hayo nilishayazoea. Jumatatu nikaporwa simu kituoni Buguruni, saa 11 alfajiri. Kazini nimefika kwa wakati. Nikamwambia supavaiza, akaniambia, "Dada, fungua tiketi kwa TEHAMA." Tiketi inafunguliwa wapi? Ndani ya mfumo uleule! TEHAMA wenyewe wanaingia saa 2. Nimekaa kwenye kiti changu na hedfoni shingoni mpaka saa 3 na dakika 10. Mwisho wa siku ripoti inasema nimechelewa, nimekatwa. Nilichelewa wapi?

Mpemba_wa_Temeke: Pole sana dada. Dawa ni kuachana na SMS, weka ile programu ya kutoa namba kwenye simu. Haihitaji mtandao hata kidogo. Na simu ikiibiwa unarudisha laini tu, namba zako zinarudi.

fundi_seva: Mkuu hapo mwanzo uko sawa, mwisho umepotosha. Ile programu haijui laini yako. Siku unaskani QR, simu inahifadhi ufunguo wa siri, halafu kila sekunde 30 inapiga hesabu ya ufunguo na saa ya simu, unapata namba 6. Ndiyo maana hata chini ya ardhi inafanya kazi. Simu ikienda, ufunguo umeenda nao, labda kama uliwasha nakala rudufu kabla. Tena angalia saa: mwenzetu mmoja alikuwa anaweka saa ya simu mbele dakika 10 ili asichelewe daladala, namba zake zikakataliwa wiki nzima. Tukamwekea saa ijirekebishe yenyewe, ikaisha.

Mama Kijacho: Hata mimi walinifungia akaunti ya pesa nikisahau namba ya siri, nikazungushwa siku mbili. Wakala akasema niende makao makuu.

fundi_seva: Mama, hiyo ni kesi nyingine. Dada, kwa simu iliyopotea kuna mambo mawili ya kudai. La kwanza ni namba za akiba, mifumo mingi inazitoa. Google kwa mfano wanakupa 10, kila moja inatumika mara moja. Zichapishe, weka pochi tofauti na simu. La pili, msimamizi wa mfumo anaweza kukupa pasi ya muda. Kwa Microsoft inaitwa `Temporary Access Pass`, ukiacha mipangilio ya mwanzo inadumu saa moja. Ila lazima awepo mtu wa kuitoa saa 12, na akuone kwa macho. Kwa simu hapana, matapeli ndiyo mlango wao huo: "nimepoteza simu, nisaidie niingie."

Babu_Kigogo: Mimi nauliza la msingi. Simu ni yake, bando lake, kwa nini iwe kifaa cha kazi? Wampe kile kifunguo cha kuchomeka kwenye USB.

fundi_seva: Nacho kinapotea mzee. Angalau visajiliwe viwili, kimoja kikae kwa supavaiza kwenye bahasha yenye saini.

Mpemba_wa_Temeke: Si aingie na akaunti ya mwenzake siku hiyo moja tu?

Mwenye uzi: Ndicho alichotaka supavaiza! Nikakataa. Kila simu ninayopokea inarekodiwa kwa jina la mwenye akaunti. Mteja akilalamika nani anajieleza? Laini nimeirudisha, nilitoa namba ya NIDA na alama za vidole, lakini ngazi zinanisubiri palepale. Kuhusu pesa, rasilimali watu wamenionyesha karatasi: muda wa kazi unaanza kuhesabiwa "mfanyakazi anapoingia kwenye mfumo". Nilishasaini. Kuna mtu hapa amewahi kupinga kipengele kama hicho akalipwa?

Babu_Kigogo: Weka picha ya hiyo karatasi, ufiche majina.