Msaada: ramani inanipa kilomita 3.6 Bagamoyo hadi Kaole, bodaboda wanasema 5

Mwalimu_Dunda: Habari za jioni wakuu. Nataka kuwapeleka watoto wa darasa la sita kwa miguu hadi magofu ya Kaole, lakini kwanza wapime umbali wenyewe. Ramani ni fotokopi, chini imeandikwa 1:50,000. Nimelaza uzi juu ya njia, kona kwa kona, nikaunyoosha kwenye rula: sentimita 7.2. Sentimita 2 ni kilomita 1, kwa hiyo 3.6. Bodaboda wanasema ni kama 5. Nimsadiki nani?

Kijana_wa_Pwani: Uzi unavutika, mwalimu. Tumia ukingo wa karatasi: weka alama kwenye kona, izungushe, endelea. Utaona umbali unabadilika.

Bibi_Lushoto: Huku kwetu ramani haina maana, milima tu. Kilomita nne zinakula asubuhi nzima.

Mzee_Tiodolaiti: Karatasi ni njia nzuri, ila uzi hauli kilomita nzima na zaidi. Na Kaole ni tambarare, bibi, milima tuiache. Mwalimu, pima mraba mmoja wa gridi, ile mistari myembamba inayokatizana. Una sentimita ngapi?

Mwalimu_Dunda: 1.4 kila upande.

Mzee_Tiodolaiti: Basi mchawi ni mashine ya fotokopi. Mraba huo ni kilomita moja, na kwenye ramani halisi ya 1:50,000 ungekuwa na sentimita 2. Aliyekutolea nakala ameishusha kutoka A3 hadi A4, kila urefu ukabaki asilimia 71 hivi. Ramani imesinyaa, namba 1:50,000 imebaki vilevile. Gawanya 7.2 kwa 1.4, unapata kilomita 5.1. Bodaboda wako sahihi.

Watoto usiwasumbue na hesabu hiyo. Walaze uzi kwenye skeli ya mstari iliyochorwa chini, maana nayo imesinyaa pamoja na ramani. Waanzie kwenye sifuri tu, si mwisho wa kushoto. Kipande cha kushoto cha sifuri ni kilomita moja iliyogawanywa kwa mita, na anayeanzia huko anajipunguzia kilomita nzima.

Sasa, uzi umefuata mstari gani?

Mwalimu_Dunda: Ule wa vistari vilivyokatika, upande wa bahari. Ufunguo unasema njia ya miguu.

Kijana_wa_Pwani: Si unapita penye alama za mikoko huo? Bamvua ikijaa hapapitiki. Fuata barabara.

Mzee_Tiodolaiti: Alama ya mikoko haikuambii maji yanafika wapi. Tazama pia mwaka wa ramani pembeni. Njia za miguu huhama, barabara nayo huenda ilinyooshwa. Ukichagua barabara, pima upya, usitumie ile 5.1.

Mwalimu_Dunda: Pembeni pamekatwa na fotokopi, mwaka hauonekani. Kesho naenda kuomba ramani yenyewe.

Bibi_Lushoto: Na maji ya kunywa ya watoto je?