Mrejesho: muhtasari wa kikao cha mtaa, Pasua Moshi

Niliuliza: "Hela ya mlinzi tulipitisha kwa kunyoosha mikono, katibu kaandika tu 'wajumbe walikubali', sasa wengine wanagoma kulipa, tufanyeje?"

Wakuu asanteni sana. Kikao kilichofuata, kwenye kuthibitisha muhtasari, mwenyekiti akasoma hoja neno kwa neno, elfu tano kila kaya kwa mwezi, tukanyoosha upya, watu wawili wakahesabu kura: 19 ndio, 8 hapana, 4 hawakunyoosha, jumla 31 sawa na mahudhurio, na hapo ndo penyewe maana isipolingana ujue kuna mtu kahesabiwa mara mbili au katoka nje. Ule wa zamani hatujaufuta, uamuzi mpya umeingia kwenye muhtasari mpya. Waliokataa sasa wanabishia bei tu, kwamba ilipitishwa hawabishi tena.