Ulinganisho: chumvi na maji, soksi za kubana au mazoezi?

Mwanachuo22: Ultrasaundi ya moyo safi, damu na thairoidi sawa. Lakini nikisimama kupiga mswaki moyo unaenda mbio, naona kiza, naishia kukaa kwenye ukingo wa beseni. Nimeambiwa nianze bila dawa. Nianze na lipi?

Bi Mdogo: Soksi, bila kusita. Mimi navaa zinazofika magotini, nasimama kutwa nzima.

Muuguzi wa zamu: Jipime kwanza. Lala kimya dakika 10, andika mapigo na presha. Kisha simama, mgongo ukiegemea ukuta, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, bila kutikisa miguu. Andika kila dakika hadi ya 10. Awepo mtu karibu, na ukizidiwa lala.

Mwanachuo22: Nimelala: 72, presha 112/70. Dakika ya 1: 98. Ya 5: 114. Ya 10: 119, presha 110/74. Miguu iligeuka zambarau.

Muuguzi wa zamu: Umepanda 47 na presha haikushuka. Kwa mtu mzima kupanda 30 kunatosha, kwa wa miaka 12 hadi 19 ni 40. Kama hali hii imepita miezi 3, inafanana na takikadia ya kusimama, yaani moyo kwenda mbio kupita kiasi unaposimama. Mpelekee daktari namba hizo. Damu inatuama chini, moyo unakimbia kufidia.

Kwako ningeanza na maji: nusu lita kwa mkupuo kabla ya kutoka kitandani, lita 2 hadi 3 kwa siku. Chumvi iongezwe kwa ruhusa ya daktari tu, maana mwenye presha ya juu au figo mbovu itamuumiza. Bi Mdogo, soksi zinasaidia, ila damu nyingi hutuama mapajani na tumboni. Zinazofika kiunoni na kubana tumbo ndizo zenye nguvu.

Kijana wa 105: Mimi nilikula chumvi miezi miwili, hakuna kitu! Moyo hupiga 105 hata nikiwa nimekaa nasoma.

Muuguzi wa zamu: Yako ni habari nyingine. Ikiwa kipimo cha saa 24 kinaonyesha wastani wa zaidi ya 90 na sababu nyingine zimeondolewa, hiyo ni takikadia ya sinasi isiyo na sababu, yaani moyo kukimbia hata ukiwa umetulia. Chumvi haina uhakika hapo. Mazoezi ya polepole na kupunguza kahawa yanafaa kujaribiwa, ingawa wengine hayawasaidii.

Baba Wawili: Wangu unaruka ghafla hadi 180 nikiwa nimelala, halafu unakatika kama umezimwa. Ninywe maji?

Muuguzi wa zamu: Hapana, ndugu yangu. Kuanza na kukatika ghafla kunahitaji kipimo cha umeme wa moyo wakati unakimbia. Usikae nalo. Ukizimia, au kifua kikiuma, nenda hospitali hapo hapo.

Mwanachuo22: Na mazoezi? Nikitembea tu nachoka siku mbili.

Muuguzi wa zamu: Basi usianze kwa kusimama. Baiskeli ya kuegemea, kupiga makasia au kuogelea, dakika chache, uongeze taratibu. Wiki za mwanzo unaweza kujisikia vibaya zaidi, na wengi huacha hapo. Lakini ukilipia siku mbili kila mara, punguza na umwambie daktari. Wapo ambao mazoezi huwaangusha.

Bi Mdogo: Mimi ningebaki na soksi. Ila hizo za kiunoni sijawahi kujaribu.