Barua kwa mratibu wa sherehe: kamisheni, punguzo, au kumshikia tarehe?

MlangoWaUkumbi
Wadau, habari za kazi. Ninasimamia mauzo ya ukumbi unaoketisha wageni 300 na wenye jiko lake, na ninaandaa barua ya kumpelekea mratibu wa sherehe mwenye harusi nyingi kila msimu. Shabaha yangu si harusi moja, ninataka aturudie. Nimeandika rasimu tatu zinazotofautiana katika aya ya ofa tu. Ya kwanza inampa kamisheni ya asilimia 10 kwa kila harusi atakayoileta. Ya pili inampa mteja wake punguzo la asilimia 10 katika bei yote ya ukumbi na chakula, kuanzia harusi ya tatu. Ya tatu haitaji fedha kabisa, bali inaahidi kumshikia tarehe kwa siku 14 bila arubuni wakati maharusi wanaamua. Ningependa kujua mngechagua ipi, na kwa sababu gani.

HesabuKwanza
Kwa upande wa ukumbi, rasimu ya kwanza na ya pili ni kitu kimoja, kwa sababu asilimia 10 inatoka mfukoni mwako kwa vyovyote vile. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalioni ni mahali inapotoka. Chukulia kwamba kila mgeni analipiwa 100, na kwamba chakula, wahudumu, mafuta ya jiko na usafi vinakula 75. Unabaki na 25. Ukitoa 10, unabaki na 15, maana yake umepoteza asilimia 40 ya faida wala si asilimia 10. Kwa harusi zenye wageni sawa, harusi tano za namna hiyo zitakupa faida ileile ambayo harusi tatu za bei kamili zingekupa, huku wapishi wako wakifanya kazi siku mbili zaidi. Mimi ningetuma rasimu ya tatu, kwa kuwa kushikilia tarehe hakugharimu chochote.

MshikaRatiba
Mimi ni mratibu, na barua za namna hii ninazipokea mara kwa mara, kwa hiyo naomba nijibu nikiwa upande wa anayeisoma.

Ndugu HesabuKwanza yuko sahihi kuhusu faida, lakini kamisheni na punguzo haviwezi kuwa kitu kimoja, kwa sababu havimfikii mtu mmoja. Maharusi wananilipa ili niwachagulie ukumbi kwa maslahi yao. Nikipokea kamisheni ya siri kutoka ukumbini na wao wakaja kuigundua, nimepoteza jina, na katika kazi hii mteja huletwa na mteja aliyetangulia. Kwa hiyo barua inayoanza na kamisheni ninaiweka kando, hata kama ukumbi wenyewe ni mzuri. Wapo waratibu wanaoishi kwa kamisheni na kuitangaza wazi kwa wateja wao. Kwa hao rasimu ya kwanza inaweza kufaa, ila ni lazima ujue unayemwandikia ni yupi.

Kushikilia tarehe nako si bure. Jumamosi za msimu ni chache, na tarehe uliyonishikia kwa siku 14 ni tarehe ambayo huwezi kumuuzia mwenye fedha mkononi. Utaratibu wenye haki ni huu: tarehe inaandikwa kwa jina la mteja wangu, na akija mtu mwingine akiwa na arubuni, ukumbi unanipigia simu na kunipa saa 48 za kuthibitisha au kuiachia. Ukiweka sentensi hiyo katika barua yako, nitajua kwamba umewahi kushika kalenda ya ukumbi. Ukiahidi siku 14 bila sharti, nitaanza kujiuliza kama utaivunja ahadi hiyo msimu ukifika.

SahaniMoto
Ninaona mnajadili fedha na tarehe tu, ilhali barua inauza pia chakula. Nimewahi kupika katika ukumbi mmoja ambao barua yake ilijaa sifa, lakini siku ya harusi ilitengwa meza moja tu ya bufee, ya kupakuliwa upande mmoja, kwa wageni 250. Wa mwisho kupakua walipokaa, wa kwanza walikuwa wamekwishamaliza na wameanza kucheza, na lawama zote zilimwangukia mratibu. Kanuni tunayoifuata jikoni ni meza moja ya kupakuliwa pande zote mbili kwa kila wageni 100 hivi. Barua ikisema wazi kwamba wageni 300 watapangiwa meza tatu za pande mbili, na kwamba idadi ya mwisho inapokelewa siku saba kabla, mratibu anaona kwamba hatafokewa na mama wa bwana harusi. Hilo ndilo litakalomrudisha.

NinatafutaUkumbi
Samahani wakuu, je, hizo siku 14 za kushikiwa tarehe anaweza kuzipata hata bibi harusi asiye na mratibu? Tunahitaji ukumbi wa watu 180.

MshikaRatiba
Dada, hapa inajadiliwa barua ya ukumbi kwenda kwa waratibu. Hata hivyo, unaweza kuuomba ukumbi wowote uandike tarehe yako kwa muda. Hakikisha tu wanakupa maandishi yanayosema inaisha lini.

MlangoWaUkumbi
Ninashukuru. Nimeziunganisha rasimu ya pili na ya tatu, na aya ya ofa sasa inasomeka hivi:

"Tutaiandika tarehe kwa jina la mteja wako kwa siku 14 bila arubuni. Endapo mteja mwingine atakuja na arubuni ndani ya muda huo, tutakupigia simu na kukupa saa 48 za kuthibitisha. Kwa wageni 300 tunapanga meza tatu za bufee zinazopakuliwa pande zote mbili. Kuanzia harusi ya tatu iliyofanyika ukumbini kwetu katika mwaka mmoja, mteja wako atapata punguzo la asilimia 10 katika kodi ya ukumbi, nalo litaonekana katika ankara yake."

Nimeliondoa punguzo katika chakula na kulibakiza katika kodi ya ukumbi peke yake, kwa kuwa gharama nyingi za jengo zipo hata likikaa tupu. Nimeandika "iliyofanyika" ili harusi zilizoahirishwa zisihesabiwe.

HesabuKwanza
Hapo faida ya chakula imesalimika. Bado ningeondoa punguzo lote na badala yake nikawafungulia wapambaji ukumbi jioni ya kuamkia harusi, siku ambayo hakuna sherehe nyingine. Hilo halikugharimu zaidi ya mlinzi na umeme.

MshikaRatiba
Wapambaji wangu wangelifurahia sana, lakini maharusi hawalioni katika ankara, na mimi ninahitaji kitu cha kuwaonyesha. Ningevibakiza vyote viwili. Kinachokosekana ni bei ya kuanzia kwa kila mgeni, maana bila bei siwezi kujua kama ukumbi unamfaa mteja niliye naye sasa, na huenda nisipige simu kuuliza.

SahaniMoto
Kwa bei ninapingana nawe, dada. Menyu ikibadilika, bei nayo inabadilika, na mratibu atakayeikariri bei ya barua ataitumia kutubana baadaye. Mwalike kwanza aje kuonja, ndipo mzungumze bei mkiwa mezani.

MshikaRatiba
Nikialikwa kuonja kabla ya kuijua bei, huwa siendi.