Mrejesho: ile mashine ya espreso niliyouziwa Mtwara

Niliuliza: "Nauziwa mashine ya espreso iliyotumika, hapa Mtwara mjini. Nikague nini kabla ya kutoa hela?"

Wakuu, nimerudi, na asanteni sana. Nilimwomba muuzaji asiiwashe hadi nifike, nikaikuta ya baridi kweli. Ilipopata moto nikatoa mpini wa kuwekea kahawa na kufungulia maji. Yakashuka kidogo kidogo, yanakatika, na pampu inanguruma. Moyo ukanipasuka, nikajua pampu ndiyo basi.

Fundi niliyekwenda naye akasema tusihukumu bado. Akaweka kwenye mpini kichujio kisicho na matundu, akawasha. Mshale wa geji ukapanda hadi baa 9 ukatulia. Kumbe pampu ina nguvu, ila njia ya maji imeziba. Alipofungua chujio la juu, matundu yake yalikuwa yamejaa ukoko mweupe, na maji ya moto tuliyokinga kwenye kikombe yakaacha chenga za chokaa chini. Boila nayo, basi, inahitaji kusafishwa.

Katika jaribio lilelile maji yalichuruzika pembeni ya mpini. Mpira wa kuzuia maji, pale mpini unapofungiwa, ulitolewa kwa bisbisi ukavunjika vipande, mkavu kama plastiki. Huo ni bei ndogo, haukunitisha. Chokaa ndiyo iliyonipa hoja ya kushusha bei, maana ikikaa muda mrefu huficha kutu, na boila likitoboka ni hasara kubwa.

Muuzaji alikubali kutoa gharama ya usafishaji kwenye bei. Nimeichukua, iko kwa fundi.