Video ya slaidi inamkata babu maneno, nisaidieni

Binti_Kibokoni: Asalaam aleikum. Nina slaidi 24 za PowerPoint, picha za Mji wa Kale zenye sauti ya babu. Nikizitoa kama video, napata dakika 2 tu. Babu anatoa salamu kisha kimya mpaka mwisho. Wajukuu wa Maskati wanaingojea leo usiku!

Chuma_Likoni: Tuma kwa WhatsApp kama Document. Ukituma kama video inabanwa, picha zinafifia. Ya arusi ya dadangu iliharibika hivyo hivyo.

Binti_Kibokoni: Kaka, sijafika huko kutuma.

Fundi_Majengo: Slaidi 24 mara sekunde 5 ni dakika 2. Hizo 5 ni za PowerPoint yenyewe, slaidi zako hazina muda. Sauti uliirekodi wapi?

Binti_Kibokoni: Kwani ina tofauti?

Fundi_Majengo: Bibie, jibu.

Binti_Kibokoni: ...Kwa simu. Faili moja, dakika 11, nikaiweka slaidi ya kwanza. Na sirekodi upya, babu amesharudi Lamu.

Mzee_Bandarini: Rahisi. Weka sekunde 28 kila slaidi, dakika 11 zimetimia.

Fundi_Majengo: Zitatimia, lakini babu atakuwa bado yuko Fort Jesus huku picha ishafika sokoni. Tena sauti bado itakatika slaidi ya pili. Bofya alama ya spika, fungua Playback, chagua Play in Background, kisha uondoe tiki ya Loop until Stopped, la sivyo babu ataanza salamu upya akimaliza. Kisha Slide Show, Rehearse Timings. Babu akianza kuongea, msikilize. Akihamia jambo jingine, bofya. Mwisho ukiulizwa kuhifadhi muda, kubali. Ndipo File, Export, Create a Video, na hapo uchague Use Recorded Timings and Narrations.

Mama_Tononoka: Vijana wa leo! Si mngemketisha mzee aongee na wajukuu wake?

Chuma_Likoni: Mimi nashuku babu hayupo. Wiki za mitihani nyuzi kama hizi huwa nyingi. Babu anasema Fort Jesus ilijengwa lini?

Binti_Kibokoni: 1593.

Chuma_Likoni: Ilimalizika 1596! Mwanafunzi huyo.

Mzee_Bandarini: 1593 ndipo ilipoanza. Mwache mtoto wa watu.

Binti_Kibokoni: Wallahi ni babu! Fundi, imetoka, picha zinamfuata vizuri. Ila video ni 9:40, na dua yake ya mwisho imekatwa.

Fundi_Majengo: Ulibofya upesi slaidi ya mwisho. Pungufu ni sekunde 80. Iendee slaidi ya 24, fungua Transitions, na pale penye After uongeze 80 juu ya zilizopo, uziache na nyingine 5 za kupumua. Toa video upya.

Binti_Kibokoni: Inatengenezwa, imefika nusu.

Chuma_Likoni: Ikiisha tuwekee hiyo dua hapa tuisikie.